Uzi Uliokatwa Usipotoka: Utatuzi wa Matatizo ya Kukata na Kuchomoa Nyuzi kwenye Kitani

Binti mmoja anayejifunza kutarizi alinijia kutoka Pasua, hapa Moshi, akiwa na kitambaa cha kitani alichokikunja ndani ya kanga ili vumbi lisikiguse. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kutandika mezani, na katikati yake alikuwa ameanza kufungua mraba mmoja wa wavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nyuzi tatu zimetoka vizuri, lakini huu wa nne hautoki. Nikiuvuta, kitambaa chote kinajikunja."

Nilimwambia auache uzi huo kabisa na aweke mkasi chini. Uzi unaokataa kutoka huwa unaonyesha kosa lililofanyika kabla ya mkasi kugusa kitambaa, na anayeuvuta kwa nguvu, au anayeukata upya mahali palipo karibu, huligeuza kosa dogo kuwa tundu lisilozibika. Nitaanza na tatizo lake kwa sababu ndilo ninaloletewa mara nyingi, kisha nitapita kwenye mengine yanayofanana nalo kwa sura lakini yana asili tofauti.

Kwanza tuelewane kuhusu mraba wenyewe. Kazi hii ni ya mtindo unaojulikana kwa jina la Hardanger, eneo la magharibi mwa Norwe, ambapo kingo za mraba hushonwa kwanza kwa mafungu ya mishono, na ndipo nyuzi za ndani hukatwa na kuchomolewa. Fungu moja lina mishono mitano iliyolala sambamba, kila mshono ukivuka nyuzi nne za kitambaa, na kati ya mishono hiyo mitano kunakuwa na nyuzi nne zinazokwenda upande uleule wa mishono. Nyuzi hizo nne ndizo zitakazokatwa, kwa sababu miisho yake itabaki imebanwa chini ya mishono. Baada ya fungu huachwa nyuzi nne bila kushonwa, kisha fungu jingine hufuata. Nyuzi zinazoachwa hazikatwi. Hubaki kama nguzo za wavu, ambazo mwishoni hufumwa kwa sindano na uzi.

Mraba wa binti ulikuwa na mafungu saba kila upande na nafasi sita kati yake. Mafungu saba ya nyuzi nne ni nyuzi 28, nafasi sita za nyuzi nne ni nyuzi 24, jumla nyuzi 52. Kitani chake kilikuwa na nyuzi 11 katika kila sentimita, kwa hiyo upande wa mraba ulikuwa na urefu wa sentimita 4.7 hivi. Kazi ikikamilika mraba huo unakuwa na matundu 49, kila moja likiwa na upana wa chini kidogo ya milimita nne.

Uzi mmoja hautoki, na mwingine unaning'inia

Nilitandika kanga nyeusi magotini, nikaweka kitani juu yake karibu na dirisha, kwa maana kitambaa cheupe juu ya nguo nyeusi huonyesha kila tundu la ufumaji. Nikaanza kuhesabu kutoka pembe ya kushoto, juu na chini. Upande wa juu, fungu la pili lilikuwa limekaa juu ya nyuzi ya 9 hadi ya 12, kama inavyotakiwa. Upande wa chini, fungu la pili lilikaa juu ya nyuzi ya 10 hadi ya 13. Lilikuwa limesogea kwa uzi mmoja tu.

Binti alikuwa amekata nyuzi nne juu na nyuzi nne chini, kila upande akifuata fungu lake kwa uaminifu. Uzi wa 10, wa 11 na wa 12 ulikatwa ncha zote mbili, ndiyo maana ulitoka bila taabu. Uzi wa 9 ulikatwa juu peke yake. Chini ulikuwa bado mzima, ukipita katika nafasi iliyo kati ya mafungu na kuendelea hadi kwenye pindo, na huo ndio uliokuwa ukikunja kitambaa alipouvuta. Uzi wa 13 ulikatwa chini peke yake, na huo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa haukupaswa kukatwa hata kidogo: ni uzi wa kwanza wa nguzo inayofuata.

Hiyo ndiyo dalili ya kushika. Ukikuta uzi mmoja usiotoka na mwingine unaoning'inia upande wa pili wa tundu hilohilo, mafungu mawili yanayotazamana hayakulingana. Usitafute kosa kwenye mkasi.

Aliniuliza mbona hesabu yake ilifunga vizuri pembeni, na swali hilo lilikuwa la maana. Kwa kawaida nafasi ikizidi uzi mmoja, mafungu yote yanayofuata husogea, na fungu la mwisho halifiki kwenye tundu la pembe ambapo upande huu na ule hukutana. Fundi huliona kosa mara moja na kufumua. Hapa lakini nafasi iliyotangulia fungu la pili ilikuwa na nyuzi tano, na iliyofuata ilikuwa na nyuzi tatu. Makosa mawili yalifutana, jumla ikawa 52, na pembe ikafunga. Kwa hiyo kufunga kwa pembe hakutoshi kuwa ushahidi kwamba mafungu yote yako mahali pake.

Kinga yake ni nyepesi, nami siikosi hata kwenye mraba mdogo. Kabla ya kukata chochote, chukua uzi mwembamba wa cherehani wa rangi inayoonekana, mwekundu kwa mfano, na sindano butu, upige bandi ndefu kutoka tundu la mshono wa kwanza wa fungu la juu, ukifuata mfereji uleule kati ya nyuzi mbili, hadi upande wa chini. Ukitua kwenye tundu la mshono wa kwanza wa fungu linalotazamana nalo, mafungu hayo yamelingana. Ukitua pembeni mwa tundu hilo, simama ufumue fungu, kwa sababu wakati huo kosa bado linagharimu mishono mitano tu. Kwa mraba wenye mafungu saba ni bandi saba kwenda chini na saba kwenda kando. Zitoe baadaye, fungu moja moja, unapolikaribia kwa mkasi.

Marekebisho yalifanyika hivi. Bahati nzuri binti hakuwa amegusa nyuzi za upande wa pili, kwa hiyo mshindio wote, yaani nyuzi zinazokingamana na zile alizokata, ulikuwa bado umekaa na kulikuwa na kitu cha kufumia. Kwanza nilitoa uzi mpya kwenye ukingo wa kitambaa hichohicho, sehemu ambayo ingekunjwa ndani ya pindo. Nilichagua uzi unaokwenda upande uleule wa mtande, yaani nyuzi za kusimama kama ule wa 13, kwa sababu mtande na mshindio wa kitani mara nyingi hutofautiana unene, na uzi usio wa jamaa yake huonekana hata baada ya kufuliwa. Ukiuangalia kwa karibu, uzi uliochomolewa kwenye kitani una mawimbi madogo madogo, alama za kila mahali ulipopita juu na chini ya mwenzake. Usiunyooshe kwa pasi wala kwa vidole. Mawimbi hayo ndiyo yanayousaidia kukaa mahali pake papya.

Mraba una sentimita 4.7, na uzi mpya unatakiwa kuingia sentimita mbili ndani ya kitambaa kizima kila upande, kwa hiyo sentimita 15 zinatosha na kubakiza mkia wa kushikia. Nililifumua fungu la chini lililosogea, mshono kwa mshono kutoka nyuma, bila kutikisa kitambaa, maana ncha za nyuzi zilizokatwa sasa hazikuwa na kitu cha kuzibana. Kisha nikapitisha uzi mpya kwa sindano butu katika njia ya uzi wa 13, nikianza sentimita mbili chini ya mraba, sambamba na uzi wa zamani, juu na chini ya mshindio kama ule wa zamani ulivyopita, nikivuka mraba mzima na kuingia sentimita mbili upande wa juu. Baada ya kuhakikisha uzi mpya umekaa, nikakata kipande cha zamani cha uzi wa 13 kwenye ukingo wa juu wa mraba na kukiondoa. Mwisho nikalishona upya fungu la chini, safari hii juu ya nyuzi ya 9 hadi ya 12, na ndipo uzi wa 9 ukawa na fungu la kuubana. Ukakatwa chini, ukatoka wenyewe.

Kama mshindio ungekuwa umeshakatwa na kuchomolewa, uzi mpya usingekuwa na mahali pengi pa kujishikiza ndani ya mraba, na ungelazimika kubanwa pamoja na wenzake watatu wakati wa kufuma nguzo. Inawezekana, ila nguzo hiyo huwa na ulegevu kidogo. Ndiyo sababu nakata na kuchomoa upande mmoja wote kwanza, naukagua, na ndipo naugusa upande wa pili.

Masharubu kwenye ukingo

Hili ndilo lalamiko la pili kwa wingi: nyuzi zimetoka, matundu yako sawa, lakini ukingoni mwa kila fungu kuna vincha vinavyojitokeza kama masharubu. Wengi hulaumu mkasi, na mara nyingine ni haki, lakini sababu ni tatu na kila moja huacha sura yake.

Ikiwa vincha vina urefu usiolingana, kimoja kirefu na jirani yake kifupi, mkasi ni butu kwenye ncha. Mkasi butu husukuma nyuzi mbele yake kabla ya kuzikata, hivyo uzi wa kwanza hukatwa karibu na wa nne hukatwa mbali. Ujaribu kwa kukata uzi mmoja kwa ncha tu ya mkasi: kama uzi unajikunja katikati ya makali badala ya kukatika, peleka mkasi kunolewa. Wakati huo unaweza kukata nyuzi mbili mbili badala ya nne kwa pamoja, na tofauti itapungua.

Ikiwa vincha vyote vina urefu ule ule, na viko upande mmoja wa mraba huku upande wa pili ukiwa safi, mkasi hauna tatizo. Ni namna ulivyoukalisha. Makali mawili ya mkasi hayakai kwenye mstari mmoja, kwa hiyo upande mmoja wa mkasi hukata karibu kabisa na fungu na upande wa pili huacha nafasi. Chukua kipande cha kitani kisicho na kazi, ukate fungu likiwa kushoto kwa mkasi, kisha jingine likiwa kulia, utazame lipi limekuwa safi. Ukishajua, geuza kitambaa kila mara ili fungu likae upande huo. Usiugeuze mkono.

Namna ya kukata yenyewe ni hii. Ingiza ncha nyembamba ya mkasi chini ya nyuzi, kwenye miisho ya mishono, ulaze ubavu wa kali hilo dhidi ya fungu, kisha inua mkasi kidogo ili nyuzi zikazike. Tazama ncha imetokea wapi: uione imepita nyuzi nne, si tatu wala tano. Hapo ndipo ukate. Uzi uliokatwa ukiwa umekazika hurudi nyuma kidogo na kuingia chini ya mishono, na kincha hakionekani tena. Uzi uliokatwa ukiwa umelegea hubaki pale pale.

Sababu ya tatu ni mishono iliyolegea. Hapa vincha ni vifupi mwanzoni, lakini ukipitisha kucha juu ya fungu vinarefuka. Fungu halina nguvu ya kubana. Kuvikata tena hakusaidii, kwani vitatoka vingine. Fumua fungu ulishone upya kwa mvuto ulio sawa, mishono ikigusana bila kupandana. Angalia pia unene wa uzi wa kutarizi. Kwa kitani cha nyuzi 11 kwa sentimita natumia uzi wa pamba uliosokotwa wa namba 8 kwa mafungu na namba 12 kwa kufuma nguzo. Namba ikizidi uzi ni mwembamba zaidi. Anayeshona mafungu kwa namba 12 kwenye kitani hiki ataacha nafasi kati ya mshono na mshono, na nyuzi zitateleza humo.

Fungu linafumuka baada ya kukata

Usishone upya kabla ya kugeuza kitambaa na kutazama nyuma. Ukiona mkia wa uzi wa kutarizi unakatiza kutoka fungu moja hadi jingine kupitia eneo la tundu, umeukata mkia huo pamoja na nyuzi za kitambaa. Mikia yote inatakiwa kusafiri ikiwa imejificha nyuma ya mafungu, wala isipite njia ya mkato. Fungu lililopoteza mkia hufumuliwa lote na kushonwa upya katika matundu yaleyale, na mikia mipya kufichwa chini ya mafungu jirani.

Kama nyuma hakuna mkia uliokatwa, angalia umekata upande gani. Fungu lina miisho, yaani safu ya matundu ambako sindano iliingia na kutoka, na lina ubavu, yaani urefu wa mshono wa kwanza au wa tano. Nyuzi hukatwa kwenye miisho tu. Ubavuni, nyuzi zinazoonekana zinapita chini ya mishono kwa kukingamana nayo, na hakuna kinachozibana. Zikikatwa hapo, hutoka na fungu hupoteza kitambaa kinacholishikilia. Dawa yake ni ile ya uzi wa 13, mara nne. Kwa mgeni wa kazi hii nashauri aguse kwa kidole miisho ya kila fungu kabla ya kuingiza mkasi, hata kama anaona anapoteza muda, hasa kwenye pembe, ambapo miisho ya fungu moja inakaribiana na ubavu wa jingine.

Uzi unakatika vipande vipande

Ukichomoa uzi ukatoka kipande, ukashika tena ukatoka kipande kingine, tazama kwanza majira. Januari na Februari hewa yetu huku ni kavu, na kitani kikavu huwa kigumu na chepesi kukatika. Nyuzi zake zina nguvu zaidi zikiwa na unyevu. Kikunje kitambaa ndani ya taulo lililoloweshwa na kukamuliwa sana, ukiache usiku kucha, na asubuhi kitakuwa laini bila kuwa maji. Ukichomoa, usivute kutoka mwisho mmoja. Nyanyua uzi katikati ya mraba kwa sindano butu, utengeneze kitanzi, kisha ukishike kwa kibano na kuvuta nusu moja, halafu nyingine. Uzi unaovutwa nusu ya njia husuguana na wenzake nusu tu.

Kama unyevu haukusaidia, huenda kitambaa kina wanga wa kiwandani. Wengi wetu tunapata kitani kizuri kutoka mitumba ya soko la Memorial, vitambaa vya meza vilivyokwisha kufuliwa mara nyingi, na hivyo havina tatizo hilo. Kitani kipya lazima kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuhesabu hata uzi mmoja. Kufua huondoa wanga na pia humaliza kusinyaa. Na ikiwa nyuzi zinateleza kupita kiasi badala ya kukatika, choma uzi mmoja kwenye kiberiti. Kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukiona donge gumu jeusi limebaki, kuna poliesta ndani yake, na mafungu hayatazibana nyuzi hizo vizuri hata ushone kwa ustadi gani. Kitambaa hicho kifae kwa kazi nyingine.

Mraba si mraba

Hesabu iko sawa, mafungu yanatazamana, na bado wavu ni mrefu kuliko upana wake. Chomeka pini mbili zilizoachana sentimita tano kwenye mtande uhesabu nyuzi, kisha ufanye hivyo kwenye mshindio. Mtande ukiwa na 55 na mshindio 50, nyuzi 52 zitachukua sentimita 4.7 upande mmoja na 5.2 upande mwingine, na hakuna mvuto wa sindano utakaorekebisha hilo. Kitambaa cha namna hiyo kinafaa kwa ukanda wa pindo ambako nyuzi za upande mmoja tu huchomolewa.

Ikiwa pini zinatoa hesabu sawa lakini matundu yamepinda, tatizo liko kwenye nguzo, na halihitaji kufumua chochote ikiwa hujaanza kuzifuma. Nyuzi nne za nguzo zilizoachwa peke yake huhama kwa urahisi, hasa kitambaa kikibebwa mkononi. Nyoosha kila nguzo kwa ncha ya sindano butu, weka kitambaa kwenye fremu bila kukikaza kama ngoma, na ufume kwa ngazi kutoka pembe moja, nguzo ya kulala kisha ya kusimama, ukivuka katika makutano nyuma yake. Anayefuma nguzo zote za kulala kwanza huzivuta zile za kusimama upande mmoja, na matundu ya mwisho huwa membamba.

Kitambaa cha binti kilifuliwa juma lililofuata kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, kikakandamizwa ndani ya taulo bila kukamuliwa, na kupigwa pasi kwa nyuma kikiwa bado na unyevu. Vincha vitatu vilijitokeza upande wa kulia, kama inavyotokea kitani kinapojaa maji na kukauka. Tulivisubiri vikauke kabisa, kwa kuwa kincha kinachokatwa kikiwa na maji hurudi ndani zaidi ya kilivyotakiwa, kisha akavikata mwenyewe, kimoja kimoja, kutoka nyuma.